Kupima Kazi za Kiwanda cha Pamba

Kiwanda chetu kilikuwa Kisumu, ng'ambo ya reli, karibu na ziwa, na kilifanya mambo mawili: kuchambua pamba iliyoletwa na wakulima na kukamua mafuta ya mbegu zake. Niliingia pale mwishoni mwa miaka ya sitini nikiwa mpiga taipu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa karani wa stoo, na ndiye aliyenisemea kwa wakubwa. Sikuwa na cha kumlipa ila kuhakikisha kwamba kila Jumapili akija kwetu Nyalenda anakuta samaki mezani.

Baada ya miaka michache niliwekwa katika ofisi ya wafanyakazi, nikimsaidia afisa aliyekuwa akishughulikia kuajiri, likizo na mashauri. Afisa huyo alipopata kazi Nairobi hawakuleta mwingine. Nikabaki na meza yake, simu yake na kelele zake zote. Kisha nikapelekwa mafunzoni, nikarudi na karatasi za kudurufu zilizoeleza namna ya kupima kazi. Niliziweka katika droo nikijua hakuna atakayeniuliza habari zake.

Aliyezitoa kwenye droo ni mtu wa boila. Alikuwa mzee mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kulisha moto na kuangalia mvuke usizidi wala kupungua, kwa sababu mashine nyingi ziliendeshwa kwa mvuke huo. Siku moja aligundua kwamba kijana aliyeajiriwa juzi kupokea barua langoni mwa ofisi analipwa kumzidi. Hakupiga kelele. Alikuja ofisini kwangu na mikono yake myeusi, akakataa kiti.

"Mama, nataka kuuliza kitu kimoja tu," alisema. "Mimi nikisinzia, hii kiwanda inaruka. Yule kijana akisinzia, barua zinangoja. Sasa nani aliamua yeye ni mkubwa?"

Hakuna aliyewahi kuamua. Mishahara yetu ilikuwa imekua kama magugu. Huyu aliajiriwa mwaka ambao watu walikuwa adimu, yule alijua kuomba, mwingine alikuwa na cheti cha shule na wakati ule cheti kilitisha. Nilimwambia nitampelekea meneja swali lake. Lakini swali lilinitangulia. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, aliyekuwa mpakiaji wa marobota ya pamba kabla ya kuchaguliwa, alilisikia, na kabla ya wiki kwisha lilikuwa swali la kiwanda kizima. Katika mkutano wa majadiliano meneja aliahidi kwamba kila kazi itapimwa kwa njia moja, na madaraja mapya ya mishahara yatafuata vipimo hivyo. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye uliyesomea jambo hili. Tengeneza hiyo njia."

Meneja alikuwa mtu wa kutoka Maseno, mpenda utaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye tuligombana.

Kanuni ya njia ile si ngumu kueleza. Unachukua mambo manne ambayo kila kazi inayo kwa kiasi fulani: ujuzi inaohitaji, jitihada inayodai, wajibu inaobebesha, na hali ambamo inafanyiwa. Kila jambo unaligawa katika vipengele vidogo, na kila kipengele unakiwekea ngazi. Kila ngazi inaelezwa kwa maneno na kupewa pointi zake. Kisha unaichukua kazi, unaisoma ilivyoandikwa, unaiweka kwenye ngazi inayoifaa katika kila kipengele, unajumlisha. Kazi zenye jumla zinazokaribiana zinaingia daraja moja. Unapima kazi, humpimi anayeifanya. Mtu awe hodari au mvivu, awe na shahada au asijue kusoma, hayo yana mahali pake pengine.

Ugumu uko katika maneno. Rasimu yangu ya kwanza niliinakili karibu yote kutoka zile karatasi za mafunzo, na karatasi hizo ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria viwanda vya chuma na maofisi ya nchi za mbali. Ujuzi ulikuwa elimu na uzoefu, basi. Jitihada ilikuwa uzito unaoinuliwa. Wajibu ulikuwa kusimamia watu na kutunza fedha au hati. Niliyapa mambo manne pointi elfu moja kwa jumla: ujuzi mia nne, wajibu mia mbili na hamsini, jitihada mia mbili, hali ya kazi mia moja na hamsini. Meneja alitaka wajibu uwe zaidi, katibu wa chama akataka hali ya kazi iwe zaidi. Walivutana mchana mzima, mwishowe wakaniachia namba zangu kwa kuwa hakuna aliyezipenda.

Kamati ilikuwa ya watu wanne: mimi, meneja, katibu wa chama, na fundi mkuu. Fundi mkuu alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kisumu, aliyesema Dholuo, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi ya watoto wetu. Tuliamua kujaribu njia kwa kazi chache ambazo kila mtu anazijua, ndipo tupime zilizobaki. Tulichagua boila, karani wa barua, karani wa stoo, dereva wa lori, wapakiaji, wafagiaji, na wanawake wa banda la kuchagulia pamba. Kila mmoja wetu alipima peke yake, halafu tukalinganisha na kujadiliana pale tulipotofautiana.

Boila ilipanda vizuri. Katibu wa chama alipiga meza kwa furaha. Karani wa barua alishuka chini yake, na hilo pekee lingetosha kutuliza kiwanda. Lakini nilipofika mwisho wa orodha niliona banda la kuchagulia limekaa pamoja na wafagiaji, chini kabisa.

"Ni sawa," alisema meneja. "Ni kazi ya kukaa na kuchagua. Hata dada zangu nyumbani wanachagua maharagwe."

Hakuna aliyepinga, hata mimi. Nilikuwa nimechoka, na namba zikishaandikwa zinaonekana kama zilikuwako tangu zamani.

Habari za kamati zilifika bandani kabla ya mimi kumaliza kuzipiga taipu. Kesho yake alikuja mama aliyekuwa akiongoza banda lile, mtu wa Seme, mrefu, mwenye sauti ya kuongozea nyimbo kanisani. Watu wote walimwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, hata waliokuwa rika la wanawe.

"Nyathina," alianza, mwanangu, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. "Nasikia umetupima na mafagio."

"Mama, si ninyi. Ni kazi."

"Kazi inafanywa na nani? Pale ndani kuna wajane. Kuna mmoja analea watoto wa marehemu dada yake. Mimi niko pale kabla hii ukuta ijengwe. Hayo umeandika wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hayo hayaandikwi. Watoto hawapimwi, ujane haupimwi, hata miaka yake mingi haipimwi ila kwa kiasi ambacho mtu mpya angeihitaji ili aiweze kazi. Nilidhani ataondoka kwa hasira, lakini alivuta kiti.

"Basi niambie kile kinaandikwa."

Nikamsomea ngazi zote, kipengele kwa kipengele, nikitafsiri. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu ya kesi ya shamba. Nilipomaliza alisema hajui kama nimekosea au la, kwa sababu maneno yenyewe hayafanani na kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Akaniomba nije bandani nikae nao kutoka asubuhi mpaka kengele ya chakula.

Nilikwenda. Nilifunga leso kichwani, nikapewa nafasi kwenye meza ndefu ya waya. Pamba ilimwagwa mbele yetu ikitoka kwenye magunia ya wakulima, na kazi ilikuwa kutenga nyeupe na ile yenye madoa, kutoa majani, maganda na chochote kisicho pamba, kabla haijapelekwa kwenye mashine. Meza ilikuwa chini kidogo kwa mtu aliyesimama na juu kidogo kwa aliyekaa, kwa hiyo wote walifanya kazi wakiwa wameinama nusu. Vumbi lilikuwa jeupe na jepesi. Sikuliona likiingia kifuani, lakini baada ya muda nilijikuta nakohoa kama wenzangu, nikaelewa kwa nini wale wanawake huongea kwa sentensi fupi.

Nilikuwa mzembe mezani. Pamba yenye madoa ilinipita, na mama aliyekuwa jirani yangu aliirudisha bila kunitazama. Kisha mtu wa mwisho wa meza akatoa kipande cha waya wa uzio kilichokuja na gunia, akakitupa kwenye debe. Debe lilikuwa na vingine: mawe, msumari, kizibo cha soda. Nilimwuliza fundi mkuu habari zile nilipokutana naye mlangoni.

"Kipande cha chuma kikifika kwenye mashine kinapiga cheche," alisema. "Pamba na cheche, unajua mwenyewe. Ule moto wa mwaka juzi ulianza hivyo."

"Mbona hukusema kwenye kamati?"

Alifikiri. "Hamkuniuliza kuhusu moto. Mliniuliza wanainua kilo ngapi."

Jioni hiyo nilirudia rasimu. Sikugusa mgawanyo wa mambo manne. Ujuzi ulibaki mia nne na mengine vilevile. Nilichobadilisha ni vipengele vya ndani. Katika ujuzi niliongeza wepesi wa mkono na jicho, nikapunguza elimu na uzoefu ili vitoshe humo. Jitihada niliigawa nusu kwa nusu: mia moja kwa jitihada ya mwili, mia moja kwa umakini. Na jitihada ya mwili haikuwa tena kuinua tu. Ngazi zake zilitaja pia kuinama au kusimama bila kupumzika, na kurudia mwendo mmoja kutwa. Katika wajibu niliweka mali na mashine, tena usalama wa wengine, kando ya fedha na usimamizi. Katika hali ya kazi nilitenga mazingira, kama vumbi, joto na kelele, na hatari ya kuumia.

Niliirudisha kwenye kamati nikasema rasimu ya kwanza ilikuwa jaribio, na jaribio limetuonyesha mambo ambayo mizani haikuyaona. Niliomba tukubaliane na vipengele na pointi zake zote, tutie sahihi, ndipo tupime upya. Nikaomba pia nyar Seme aongezwe kwenye kamati. Meneja alisita, lakini katibu wa chama alisema mama huyo ni mwanachama halali, naye hana neno naye. Tukatia sahihi sote watano, nyar Seme kwa kidole gumba.

Kulikuwa na sharti kwamba mtu kazi yake ikipimwa anatoka nje. Nyar Seme alitoka lilipopimwa banda lake, akakaa kwenye ngazi za nje akisuka kikapu. Mimi nilitoka ilipofika zamu ya msaidizi wa ofisi ya wafanyakazi. Nilisimama ukumbini nikisoma tangazo la zamani la chanjo, nikihesabu kichwani pointi wanazopaswa kunipa. Nilipoitwa nikakuta nimewekwa chini ya nilivyotarajia. Nilijaribu kueleza kwamba kwa kweli nafanya pia kazi ya afisa aliyeondoka.

"Hiyo ni kazi nyingine," alisema meneja. "Haijaandikwa kwenye maelezo ya kazi yako."

Nyar Seme alicheka mpaka akafuta machozi. "Nyathina, si wewe. Ni kazi." Nilikasirika kwa siku kadhaa. Baadaye niliandika maelezo yale upya, kama yalivyopasa kuwa tangu mwanzo, nikayapeleka kwa kamati, yakapimwa upya bila mimi, nikapanda daraja. Sikuona haya kufanya hivyo.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Jumla za banda la kuchagulia zilipotoka, zilikuwa juu ya wapakiaji. Wapakiaji walikuwa wanaume waliobeba marobota kutoka kwenye mashine ya kushindilia hadi kwenye mabehewa ya reli, wenye shingo nene na utani mwingi, na ndio waliomchagua katibu wa chama. Karani wa stoo, yaani shemeji yangu, alikuwa amebaki daraja la chini yao wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutoa vipuri kwa hati na kuandika vilivyotoka, na mkuu wa stoo ndiye aliyewajibika kwa hesabu.

Katibu wa chama aliisukuma karatasi kando.

"Hii siwezi kupeleka kwa watu wangu," alisema. "Nitawaambia nini? Kwamba mtu anabeba robota mgongoni ni mdogo kwa mtu anabeba pamba kwa vidole?"

"Tulitia sahihi," nilisema.

"Tulitia sahihi hata mara ya kwanza, kwa mdomo. Wanawake walilalamika, ukabadilisha. Sasa wanaume wanalalamika. Badilisha."

Meneja aliunga mkono kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tuongeze jitihada ya mwili kutoka mia moja hadi mia moja na hamsini, tuupunguzie umakini hamsini, na mambo yatakaa sawa bila mtu kuumia. Alikuwa amekwisha kuhesabu pembeni mwa karatasi yake. Kwa namba zake wapakiaji walipanda juu ya banda na kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa kabla hatujaanza.

Kile katibu alichosema hakikuwa upuuzi. Kweli nilikuwa nimebadilisha mara moja, na mtu wa nje asingeona tofauti kati ya mabadiliko yangu na yao. Nililinganisha rasimu zote mbili mpaka nikaiona tofauti hiyo mwenyewe.

"Mara ya kwanza," nilisema, "hatukuanza na jibu. Tulikuta kuna kitu kinafanywa ambacho hakina mahali pa kuandikwa. Niambieni wapakiaji wanafanya nini ambacho mizani hii haioni, na mimi nitakwenda kukiangalia leo hii. Lakini tukibadilisha uzito kwa sababu tumeona jibu na hatulipendi, basi tusijisumbue kupima. Tuandike tu mishahara tunayoitaka."

"Unazungumza na meneja wako," alisema meneja.

"Ndiyo, Bwana."

Fundi mkuu alikohoa. Alisema mashine ya kupimia mvuke ikionyesha namba usiyoipenda, unakagua bomba, hupindi mshale. Kisha akamwuliza katibu: "Wewe umebeba miaka mingi. Kazi ile imeandikwa vizuri?"

Katibu hakuwa ameyasoma maelezo ya kazi ya wapakiaji. Aliamini anayajua. Aliyavuta, akasoma polepole, midomo ikitembea, na nilimwona akikunja uso. Maelezo yale yaliandikwa na ofisi ya stoo. Yalisema kwamba mpakiaji huchukua marobota na kuyaweka ndani ya behewa.

"Na kupanga juu?" alisema. "Hapa hakuna kupanga juu. Nani aliandika hii?"

Tuliondoka chumbani wote watano tukaenda kwenye ghala la marobota. Yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na mabati. Vijana wawili walikuwa wamepanda juu kabisa, wakivuta robota kwa kulabu, na wenzao chini wakilisukuma kwa mabega. Lile robota liliteleza kidogo na kila mtu akaruka kando bila kuambiwa, kama watu wanaokwepa tawi. Kisha wakacheka na kuendelea. Katibu alimwita mmoja akamwambia atuonyeshe mguu wake. Kovu lilitoka goti hadi kifundo.

Nilimwuliza yule mpakiaji kama anaumwa.

"Wakati wa baridi tu, Mama," alisema, akaushusha mguu wa suruali.

Hatukugusa mizani. Tuliandika upya maelezo ya kazi: kupanga kwa kimo, kupanda bila ngazi, kutegemea mwenzako aliye chini yako au juu yako. Katibu akatoka nje kama sharti lilivyotaka, kwa kuwa jina lake bado lilikuwa kwenye orodha ya wapakiaji, akabaki akitembea uani na mikono nyuma. Tukaipima kazi upya kwa ngazi zilezile tulizozitia sahihi. Hatari ya kuumia ilipanda hadi ngazi ya juu, na usalama wa wengine ukapanda pia. Jumla yao ilikaribia ile ya banda kiasi kwamba zote mbili ziliingia daraja moja.

Nyar Seme alikuwa chumbani tulipofanya hivyo, na ni yeye aliyesema kwanza kwamba hatari inastahili ngazi ya juu. Nilimwuliza baadaye kama hakujua kwamba anawainua wanaume wale wafike alipo yeye.

"Nilijua," alisema. "Lakini ule mguu niliuona."

Katibu aliwapelekea watu wake matokeo. Walipiga kelele jioni moja, kisha wakaanza kutania wanawake wa banda kwa kuwaita wapakiaji wenzao, na jina hilo likakaa kwa miaka. Mishahara ya banda haikupanda kwa mkupuo. Kampuni ilisema haina nguvu, ikapandisha kwa awamu mbili, na awamu ya pili ilichelewa hadi tukaandika barua. Meneja hakunisemesha kwa muda isipokuwa kwa mambo ya kazi. Halafu siku moja alinikuta mlangoni akaniuliza kama ninaweza kumsaidia rafiki yake wa kiwanda kingine kupanga mambo kama yale. Nilichukulia kwamba huko ndiko kupatana.

Kwa shemeji mambo yalikuwa mazito zaidi. Hakuna aliyepunguziwa mshahara; tulikuwa tumekubaliana hivyo tangu mwanzo. Lakini waliokuwa wakilipwa kupita daraja lao mishahara yao ilibakizwa pale ilipo, bila nyongeza, mpaka daraja liwafikie. Nilikwenda mwenyewe kumweleza, kabla barua haijamfikia. Alikuwa akifunga stoo.

"Mimi nilikuingiza hapa," alisema.

"Najua, shemeji."

"Na huwezi kunisaidia."

"Kazi hiyo ikipimwa na mtu yeyote itatoka vilevile. Lakini wewe si kazi hiyo. Unaweza kufanya kubwa kuliko hiyo."

Hakuona kama maneno hayo ni msaada, na kwa kweli siku ile hayakuwa. Aliacha kuja Jumapili. Mume wangu aliketi akichambua miiba ya samaki wake, na mimi nilijua ananilaumu na pia ananielewa, mambo mawili ambayo hayakai vizuri kwenye meza moja. Mama mkwe alinitumia mtu aniambie kwamba mke anayempima kaka wa mumewe ni jambo jipya.

Miezi ilipita. Kampuni ilitaka msimamizi wa kituo cha kununulia pamba kule Awasi: mtu wa kupima magunia ya wakulima, kushika fedha za ununuzi, kusimamia vibarua na kukaa mbali na wakubwa. Tangazo lilibandikwa ukutani likiwa na daraja lake, madaraja mawili juu ya karani wa stoo, na mtu yeyote angeweza kusoma kwa nini. Sikumwambia shemeji neno. Aliomba mwenyewe. Sikukaa kwenye usaili, nikamwachia fundi mkuu na meneja. Aliipata, kwa sababu alijua hesabu na alijua watu.

Jumapili moja alikuja Nyalenda akiwa amevaa viatu vyenye vumbi la barabara ya Kericho, ile inayopita Awasi. Alikula, akasifu samaki, akamweleza mume wangu habari za mvua. Alipokuwa akiondoka alinigeukia.

"Yuora," aliniita, neno letu la shemeji, "ile mizani ya Awasi inakula kilo za wakulima. Leta mtu airekebishe."

Nilipeleka fundi Jumatatu.

Miaka michache baadaye, kampuni ilifunga feni kubwa za kuvuta vumbi katika banda la kuchagulia. Kwa sheria zetu wenyewe, vumbi likipungua pointi za mazingira hupungua, na kazi ingeweza kushuka daraja. Wanawake walisimama mlangoni wakisema hawataki feni kama feni ni ya kuwanyang'anya chakula. Kamati ilikaa tena, wengine sura mpya. Tulipima upya kwa uaminifu, na pointi zikashuka kweli, lakini si kiasi cha kuishusha kazi kutoka daraja lake. Zilibaki juu ya mpaka kwa kidogo tu. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia. Feni zilikuwa zimewashwa kwa majaribio, na ilibidi nipaze sauti. Nyar Seme alisikiliza mpaka mwisho, akatafsiri kwa waliokuwa nyuma, kisha akawaambia warudi mezani, pamba ilikuwa inarundikana.